Kwa shilingi au kwa dirhamu? Kadi ya Kenya kwenye kaunta ya Dubai

Umechagua mzigo Deira, bei imetua kwenye dirhamu 2,000, kadi iko mkononi. Unaiingiza kwenye mashine, na kabla ya kuombwa namba ya siri skrini inatoa mistari miwili: `AED 2,000.00` na `KES 74,200.00`. Muuzaji anakugeuzia mashine uchague, au anabonyeza mwenyewe huku akiendelea kukunja nguo. Mstari wa shilingi ndio unaovuta jicho, kwa sababu ni fedha unayoielewa na unajua kabisa kiasi kitakachotoka kwenye akaunti. Kwa uzoefu wetu sisi tunaokwenda huko kufunga mzigo, hapo ndipo msafiri hupoteza pesa nyingi kuliko kwenye ada za benki anazozilalamikia kila siku.

Mashine inaitambua kadi ya Kenya kwa tarakimu za mwanzo za namba ya kadi. Tarakimu hizo, 6 au 8 za kwanza, hutambulisha benki iliyotoa kadi, na kwenye orodha ya mashine kila benki imeandikwa na nchi yake na fedha yake. Ndiyo maana hata ukiigusisha kadi tu bila kuitumbukiza, swali bado linaweza kutokea. Unachopewa hapo ni huduma ya kubadilishiwa fedha papo hapo. Anayebadilisha si benki yako, wala si Visa au Mastercard. Ni benki ya mwenye duka pamoja na kampuni inayoifanyia kazi hiyo, na wao ndio wanaopanga kiwango. Juu ya kiwango cha soko wanaweka nyongeza yao, na kwa kawaida sehemu ya nyongeza hiyo hurudi kwa mwenye duka. Muuzaji anayekushauri ulipe kwa shilingi huenda hana nia mbaya, pengine ndivyo alivyofundishwa, lakini duka lake linanufaika na jibu lako.

Tuipige hesabu hiyo ya dirhamu 2,000. Ili iwe rahisi kufuata, tuchukue kwamba dirhamu 1 sokoni ni shilingi 35 za Kenya, na kwamba benki yako hutoza asilimia 3 kwa malipo ya nje ya nchi. Ukichagua dirhamu, Visa au Mastercard hubadilisha kwa kiwango chao cha siku, ambacho hukaa karibu sana na cha soko: 2,000 mara 35 ni shilingi 70,000. Benki inaongeza asilimia 3 yake, shilingi 2,100. Jumla unatozwa 72,100.

Sasa chukua mstari wa shilingi. Shilingi 74,200 ukizigawa kwa dirhamu 2,000 unapata 37.10 kwa kila dirhamu, yaani nyongeza ya asilimia 6 juu ya soko. Wengi hudhani kwamba wakishakubali shilingi, ada ya benki ya malipo ya nje inaondoka, kwa kuwa hakuna tena fedha ya kigeni ya kubadilisha. Benki nyingi hazihesabu hivyo. Kinachoangaliwa ni nchi ilipo mashine, na Visa na Mastercard nao huitoza benki yako gharama ya muamala uliovuka mpaka hata kama kiasi kimeandikwa kwa shilingi. Basi benki inatoza asilimia 3 ya 74,200, ambayo ni 2,226, na jumla inafika 76,426. Kwa bidhaa ileile, kwenye kaunta ileile, umelipa shilingi 4,326 zaidi. Kwa mfanyabiashara anayelipa maduka sita au saba kwa siku moja, hiyo ni sehemu nzuri ya nauli ya mzigo.

Nyongeza haiko sawa kila mahali. Asilimia 3 hadi 7 si jambo la ajabu, na kwenye mashine za kutolea pesa inaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo usikariri asilimia. Jua namna ya kuipima ukiwa umesimama palepale. Gawanya kiasi cha shilingi kwa kiasi cha dirhamu, kisha linganisha na kiwango cha siku. Benki Kuu ya Kenya hutangaza kiwango cha dirhamu kwenye tovuti yake, na Visa na Mastercard kila mmoja ana kikokotoo kwenye tovuti yake ambapo unaweka tarehe, fedha ya kadi na fedha ya malipo. Sehemu ya ada ya benki weka 0 kwanza ili uone kiwango kitupu, halafu weka asilimia ya benki yako. Fanya hivyo asubuhi hotelini, andika namba moja kwenye karatasi au kwenye simu, na siku nzima utaitumia hiyo.

Mwenye kadi ya akaunti ya dola ana kipimo chepesi zaidi, kwa sababu dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997 kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola 1. Haipandi haishuki. Mashine ikikupa dola kwa kiwango cha 3.49, hujahitaji kikokotoo kujua kwamba umeongezewa. Dirhamu 2,000 kwa kiwango rasmi ni dola 544.59, na kwa 3.49 ni dola 573.07. Ni dola 28 na senti kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hali mbaya kuliko zote ni kadi ya shilingi kupewa dola. Hutokea pale mashine isipokuwa na fedha ya nchi yako kwenye orodha yake, au kadi imesajiliwa vibaya. Ukikubali, dirhamu inageuzwa dola kwa kiwango cha duka, kisha dola inageuzwa shilingi na upande wa benki yako, na kila mgeuko una mkato wake.

Kuna swali ambalo ni lazima uiulize benki yako kabla ya safari, kwa maana jibu lake hubadilisha hesabu yote: mnatoza asilimia ngapi kwenye malipo ya dukani nje ya nchi, na je, mnaitoza hata muamala ukija kwa shilingi? Uliza pia kama benki ina kiwango chake cha kuuza dola kinachoingia katikati. Benki nyingi za kwetu hulipana na mitandao ya kadi kwa dola, kwa hiyo dirhamu inaweza kugeuzwa dola kwanza, kisha benki ikageuza dola kwa kiwango chake yenyewe. Ikiwa ndivyo, gharama halisi ni ile ada pamoja na tofauti ya kiwango, hata kama kwenye orodha ya ada imeandikwa asilimia tu. Na juu ya ada kuna ushuru wa bidhaa wa serikali, ambao mara nyingi hutokea kama mstari wake peke yake kwenye taarifa ya akaunti. Ikitokea kwamba benki yako haitozi chochote muamala ukija kwa shilingi, na nyongeza ya duka ni ndogo kuliko ada uliyoepuka, basi shilingi inaweza kuwa nafuu. Ni nadra, lakini ni hesabu, na hesabu huamuliwa kwa namba.

Namna ya kukataa ni rahisi ukiwahi. Kabla kadi haijaingia, mwambie muuzaji unalipa kwa dirhamu, na ukitamka herufi tatu `AED` anaelewa kwa lugha yoyote. Omba mashine igeuzwe upande wako. Usibonyeze kitufe cha kijani kwa mazoea, kwani kwenye mashine nyingine kijani ndicho kinachokubali kubadilishiwa, na cha kukataa ni chekundu ambacho watu hukiogopa wakidhani kitafuta malipo. Soma kilichoandikwa karibu na kitufe. Kisha, unapoandika namba ya siri, kiasi kilichoko juu ya skrini kiwe kwa dirhamu. Kikiwa kwa shilingi, simamisha hapohapo.

Ikiwa muuzaji alishabonyeza na risiti imetoka, isome kabla hujaondoka dukani. Kanuni za Visa na Mastercard zinataka mteja apewe nafasi ya kuchagua na aonyeshwe kiwango kabla ya kukubali. Risiti ya muamala uliobadilishwa huonyesha fedha zote mbili, kiwango kilichotumika, na chini huwa na maneno yanayosema kwamba mteja alichagua mwenyewe. Ukiona hayo na hukuulizwa, omba muamala ubatilishwe na ufanywe upya kwa dirhamu. Neno ni kubatilisha, na si kurejeshewa. Muamala ukibatilishwa siku ileile, kabla duka halijafunga hesabu ya mashine, unaondolewa kabla haujapelekwa kulipwa. Marejesho ya siku zinazofuata ni muamala mpya: unapita kwenye kiwango cha siku nyingine, huchukua siku kadhaa kufika, na ada ya benki mara nyingi hairudi. Hakikisha unapewa risiti mbili, ya kubatilisha na ya malipo mapya, na uzitunze pamoja.

Mashine ya kutolea pesa ina mtego uleule, ila maneno yake yanachanganya zaidi. Kwanza inakuonyesha ada ya benki yenye mashine, na hiyo ukitaka pesa hapo huna budi kuikubali au kwenda mashine nyingine. Baadaye inakuja skrini nyingine yenye kiwango cha shilingi na vitufe kama `Accept conversion` na `Decline conversion`, au `Continue without conversion`. Watu hudhani wakikataa pesa hazitatoka. Zinatoka. Unachokataa ni kiwango chao tu. Muamala unaendelea kwa dirhamu na benki yako inabadilisha. Ikiwa kweli mashine itafuta kila kitu baada ya kukataa, toa kadi na utafute nyingine. Toa kiasi kikubwa mara moja badala ya kidogo mara tano, kwa maana ada ya mashine na ada ya benki yako ya kutoa pesa nje hutozwa kila mara. Kadi ya mkopo usiitolee pesa ikiwa unayo ya akaunti, kwa sababu kuna ada ya kutoa pesa taslimu na kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Hoteli ni mahali pengine pa kuwa macho, kwa jambo tofauti kidogo. Ukifika, mapokezi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama amana, mbali na bei ya chumba. Pesa hazijatozwa lakini huwezi kuzitumia. Kwenye kadi ya akaunti, hiyo ni pesa yako halisi iliyofungwa, na baada ya kuondoka inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, kabla ya kuachiwa. Mfanyabiashara aliyebeba kiasi kinachotosha mzigo tu hujikuta kadi imekataliwa dukani siku ya pili huku salio likionekana kamili. Uliza amana ni dirhamu ngapi kabla ya kutoa kadi, na ukiweza iweke kwa pesa taslimu au kwa kadi usiyoitegemea kununua. Soma pia fomu unayotia sahihi: ukikubali pale kubadilishiwa fedha, bili ya mwisho inaweza kutozwa kwa shilingi hata kama siku ya kuondoka hakuna aliyekuuliza.

Haya yote yanadhani kwamba kadi imekubali. Mara nyingi haikubali, na sababu huwa iko Nairobi. Benki huangalia muamala unaofanana na wizi, na kadi iliyonunua unga Eastleigh jana jioni ikitokea Deira leo mchana, mfumo una haki ya kushtuka. Taarifa ya safari ndiyo inayouambia mfumo kwamba ni wewe. Itoe siku mbili au tatu kabla, kupitia programu ya benki kwenye simu, tawini, au kwa kupiga simu. Taja kila kadi utakayobeba, kila nchi hata ile ya kubadilishia ndege kama utalipa chochote pale, na tarehe zianze siku ya kuondoka hadi siku moja au mbili baada ya kurudi, maana ndege huchelewa. Omba uthibitisho wa maandishi, hata ujumbe mfupi tu.

Lakini jua mipaka yake. Taarifa ya safari haipandishi kikomo cha matumizi ya siku, haipunguzi ada, na haifungui kadi ambayo matumizi ya nje yamezimwa. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na mara nyingi kwenye benki vinashughulikiwa sehemu tofauti. Ndani ya programu ya benki unaweza kukuta swichi za kadi: malipo ya dukani, kutoa pesa, malipo ya mtandaoni, na matumizi ya nje ya nchi, kila moja na yake. Zipitie zote. Uliza kikomo cha siku ni kiasi gani kwa shilingi, na ugawe kwa kiwango cha dirhamu ili ujue kwa siku unaweza kununua mzigo wa kiasi gani.

Laini ya simu nayo ni sehemu ya kadi siku hizi. Malipo ya mtandaoni huhitaji namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo huja kwenye laini yako ya Kenya. Ukiitoa laini hiyo ukaweka ya Dubai, umejifungia mlango. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado nyumbani, hakikisha ujumbe unaingia, na uzime intaneti ya laini hiyo ili isikule salio. Tena, andika namba ya benki inayoanza na +254. Zile namba fupi na za bure zilizochapishwa kwenye mabango hazipatikani ukiwa nje.

Kadi ikikataliwa, usiirudie mara nne kwa hasira. Omba karatasi iliyotoka kwenye mashine na utafute namba ya tarakimu mbili. Ukiona 51, salio halitoshi, na hapo kumbuka amana ya hoteli. Ukiona 57 au 62, kadi haijaruhusiwa kwa aina hiyo ya muamala au imewekewa kizuizi, na tiba ni swichi kwenye programu au simu kwa benki. Namba 61 ni kikomo cha kiasi, 65 ni idadi ya miamala, 55 ni namba ya siri iliyokosewa, na 75 ni kwamba umekosea mara nyingi mno. Namba 05 haisemi sababu, na mara nyingi ndiyo ile ya mfumo kushtuka, kwa hiyo piga simu. Namba 91 inamaanisha benki yako haikupatikana wakati ule. Hiyo ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwa sababu pesa zinaweza kuwa zimeshikiliwa hata kama mashine imesema hapana. Angalia ujumbe wa benki kabla ya kujaribu tena, na karatasi ya kukataliwa usiitupe.

Ukirudi, subiri siku nne au tano miamala yote itue, kisha kaa na risiti na taarifa ya akaunti. Kiasi cha kwanza ulichoona kwenye ujumbe kinaweza kutofautiana kidogo na cha mwisho, kwa kuwa kiwango kinaweza kuwekwa siku malipo yanapofikishwa badala ya siku uliyonunua. Tofauti ya asilimia moja au chini ya hapo ni ya kawaida. Tofauti ya asilimia tano au sita na kiwango cha soko cha siku ile ni dalili kwamba ulibadilishiwa fedha dukani, na mstari wa muamala utaonyesha shilingi tupu bila kiasi cha dirhamu. Ikiwa hukuulizwa, au ulikataa na wakakupitishia, una haki ya kulalamika kupitia benki yako. Kwa Visa, kosa hilo lina namba yake, 12.3, la fedha isiyo sahihi. Peleka risiti, bei ya duka kwa dirhamu, na maelezo mafupi ya kilichotokea, na utaje namba hiyo, kwa sababu mhudumu wa tawi huenda hajawahi kukutana na lalamiko la namna hiyo. Usikae nalo: malalamiko ya kadi yana muda wa mwisho unaohesabiwa tangu siku ya muamala. Risiti yenye sahihi yako chini ya maneno ya kukubali ndiyo itakayokuangusha, kwa hiyo karatasi yenye maneno hayo usiitie sahihi pale dukani ikiwa hukuchagua wewe.